Banda la Mbaruk: mbwa walipita chini, chui akapita juu, nyoka akapanda ngazi

Banda letu la kwanza la mbuzi lilikuwa na kuta nzuri. Nasema hivyo bila majivuno, kwa sababu kati ya wanyama wote waliotutia hasara tangu tulipohamia Mbaruk, kaunti ya Nakuru, mwaka 2019, hakuna hata mmoja aliyewahi kuvunja ukuta. Mbwa walipita chini yake, chui akapita juu yake, na nyoka alitumia ngazi ambayo mimi mwenyewe niliiegemeza. Fedha na nguvu zetu zote tulikuwa tumezitia ukutani.

Ukuta huo ulikuwa wa mabanzi kutoka viwanda vya mbao vya Elburgon, yale magamba ya nje ya mti yanayobaki gogo linapopasuliwa, ambayo kwetu ndiyo mbao ya mtu asiye na fedha ya kununua mbao. Banda lilikuwa na urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, nalo lilitosha mbuzi 9 kulala bila kusongamana. Sakafu ilikuwa udongo ulioshindiliwa na paa lilikuwa la mabati yaliyokwisha kutumika. Kuku 20 na ushei walilala humo humo, juu ya fito iliyopitishwa kwenye kona.

Asubuhi ya msiba wa kwanza nilikuta mbuzi wawili wamekufa na wa tatu hawezi kusimama. Nilipiga kelele kwamba chui ametuingilia, maana tunaishi karibu na hifadhi ya Soysambu na habari za chui si ngeni. Mzee jirani alikuja na fimbo yake, akamgeuza mbuzi mmoja kwa utaratibu, akaniambia, "Mama, chui hali namna hii. Huyu aliyekuja hapa alikuwa anacheza."

Akanionyesha. Majeraha yalikuwa mengi na yametawanyika: mapaja ya nyuma yalikuwa yameraruliwa, masikio yametafunwa, manyoya yamezagaa kila mahali, na nyama yenyewe haikuliwa. Chui humshika mnyama kooni au kisogoni, akaacha matundu machache yenye kina, kisha humburuta au humbeba mpaka mahali pa faragha. Mzee alinionyesha pia nyayo kwenye vumbi. Unyayo wa mbwa huacha alama za kucha mbele ya vidole, lakini wa chui ni wa mviringo na kwa kawaida hauna alama hizo, kwa kuwa chui hurudisha kucha zake ndani anapotembea. Nyayo zetu zilikuwa na kucha, tena za mbwa zaidi ya mmoja. Walikuwa mbwa wa watu, wenye kulishwa mchana na kufunguliwa usiku, na sikutaka ugomvi na yeyote nisiyeweza kumthibitisha.

Yule mbuzi wa tatu alitupa somo lingine. Mbwa usiyemjua anaweza kuwa na kichaa, na mate yake yakiingia jerahani mbuzi anaweza kuambukizwa. Daktari wa mifugo alituagiza tuoshe majeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa robo saa, tumtenge mbuzi huyo na tusimkamue maziwa ya kunywa, na sisi wenyewe tusimguse mdomoni kwa mikono mitupu. Alipona, lakini wiki zile za kumwangalia zilikuwa ndefu.

Mbwa walikuwa wamechimba. Udongo wa sehemu hii ya Bonde la Ufa una jivu jingi la volkano, ni mwepesi, na wakati wa kiangazi hugeuka kuwa vumbi. Shimo walilopitia lilikuwa pana kama karai, nao walilichimba kwa usiku mmoja. Wazo letu la kwanza lilikuwa kuteremsha ukuta zaidi ardhini, na fundi akatueleza kwa nini tusifanye hivyo: mabanzi yakizikwa huliwa na mchwa kabla ya mwaka kwisha, na mbwa mwenye subira atachimba mpaka apite chini yake pia.

Alichofanya badala yake ni kutandaza wavu kwa ulalo. Tulinunua wavu mzito wa uzio uliokwisha kutumika, tukaukata vipande vya upana wa sentimita 60, tukaufunga chini ya ukuta kwa waya wa kufungia, kisha tukaulaza nje kuzunguka banda zima kama pindo la leso, chini ya udongo wa kina cha kiganja. Kwenye pembe vipande vilipandana. Siri yake ni tabia ya mbwa mwenyewe. Huanza kuchimba pale pale pua yake inapogusa ukuta, akikutana na wavu hujaribu kando kidogo, bado akiwa ameusogelea ukuta, na wavu uko pale pale. Hana akili ya kurudi nyuma hatua moja na kuanzia nje ya pindo. Siku chache baadaye tuliona mikwaruzo mipya kwenye udongo, na kazi ilikuwa imeishia kwenye waya.

Kwa mzunguko wa mita 14 hiyo haikuwa gharama kubwa. Ule wavu mwembamba wa kuku wenye matundu ya pembe sita unaweza pia kulazwa ardhini ukikosa mwingine, ingawa huoza kwa kutu mapema. Usiutumie kwa ukuta wala kwa mlango, kwa maana umetengenezwa kumzuia kuku asitoke, na mbwa huuchana kwa meno.

Mlango tuliubadilisha wakati huo huo. Chini yake palikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi, na kichwa cha mbwa kikipita mwili wake hufuata. Tuliweka kizingiti cha gogo lililozikwa nusu, mlango ukawa unafunguka kwenda nje na ukifungwa unaegemea fremu, ili anayeusukuma kutoka nje ausukume dhidi ya mbao na si dhidi ya komeo. Makomeo yakawa mawili, moja juu na moja chini, kwa sababu mlango wa komeo moja la katikati hupindika kwenye pembe ya chini. Bawaba zilizokatwa kwenye tairi kuukuu, ambazo wengi huzisifu kwa urahisi wake, tuliziondoa. Zililegea, mlango ukainama, na pengo likarudi.

Zaidi ya mwaka mzima tulilala usingizi. Chui alikuja mwaka 2021.

Safari hii hapakuwa na manyoya yaliyozagaa. Mbuzi wawili walilala pale walipoanguka, kila mmoja ana matundu kooni, na mwanambuzi mmoja hakuonekana kabisa. Mlango ulikuwa umefungwa na pindo la wavu halijaguswa. Mume wangu ndiye aliyeinua macho. Kati ya mwisho wa ukuta na mabati palikuwa na nafasi wazi ya upana wa shubiri moja na nusu, ambayo tuliiacha kwa makusudi ili hewa ipite, na kwenye banzi la juu palikuwa na mikwaruzo mirefu na nywele za rangi ya nyasi kavu. Juu ya pembe hiyo ya banda lilining'inia tawi la mgunga. Alikuwa ameshuka kwa tawi, akatua juu ya mabati, akajipenyeza chini ya upenu. Kwamba aliua zaidi ya alichoweza kubeba hakukuwa ukatili, jinsi watu walivyosema. Mbuzi waliofungiwa hukimbia huku na huku mbele ya uso wake, naye huendelea kukamata maadamu kuna kitu kinachokimbia.

Hatukugusa mizoga. Tuliipiga picha pamoja na nyayo na tukatoa taarifa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, siku hiyo hiyo, kwa kuwa dai lolote la fidia chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 linahitaji ushahidi ambao jua na mbwa huuharibu haraka. Kijana mmoja alitushauri tutie sumu kwenye mzoga. Nilimkatalia. Licha ya kwamba ni kosa kisheria, sumu haichagui: ingeua mbwa wa jirani, tai, na pengine mtoto aliyegusa nyama na kulamba vidole.

Sasa ninakuja kwenye kosa langu kubwa, na hili silisimulii kwa furaha. Kwa hofu, tuliziba upenu wote kwa magunia na vipande vya mabati jioni ile ile. Hakuna chui aliyeingia. Lakini baada ya majuma mawili wanambuzi walianza kukohoa, na nilipofungua mlango alfajiri harufu ya mkojo ilinichoma macho mpaka yakatoa machozi. Chini ya mabati palikuwa na matone ya maji yaliyokusanyika kutokana na pumzi ya wanyama. Mwanambuzi mmoja alikufa kwa homa ya mapafu, na huyo hakuuawa na chui bali na mimi. Ukitaka kujua kama banda lina hewa ya kutosha, liingie alfajiri kabla halijafunguliwa, uchuchumae mpaka pua yako ifikie ilipo pua ya mbuzi, uvute pumzi mara kumi. Kama macho yanawasha, pengo ulilolifunga lilikuwa na kazi.

Fundi alisimama pale akitazama magunia yangu, akasema, "Mama, umefunga dirisha kwa sababu mwizi alipitia dirishani. Tutie nondo tu." Hatukuwa na fedha ya nondo, kwa hiyo alitumia fito za mkaratusi, nene kama kifundo cha mkono wa mtoto, akazigongomelea wima kutoka banzi la juu mpaka kwenye mbao za paa, kila moja ikiwa umbali wa vidole vitatu kutoka mwenzake. Kisha akapitisha fito nyingine mbili kwa ulalo na kuzifunga kwa waya kila zilipokutana. Waya huo ndio uliokuwa muhimu. Msumari peke yake hushikilia mpaka mti mbichi unapokauka na kusinyaa, halafu unaweza kuung'oa kwa mkono. Mabati nayo yaliongezwa misumari kwenye kingo, kwa kuwa bati lililoshikiliwa katikati tu huinuliwa kama kifuniko cha sufuria. Tawi la mgunga lilikatwa, pamoja na kila tawi lililokuwa ndani ya mita 3 kutoka paani.

Nimetaja kusinyaa, na hapa ukuta wetu mzuri ulitutahayarisha kidogo. Tulikuwa tumenunua mabanzi mabichi na kuyabananisha yakagusana. Yalipokauka, nafasi kati ya banzi na banzi ilifikia upana wa vidole viwili mahali pengine. Chui hapiti hapo, lakini kucha zake zinapita, na mbuzi hupenda kulala akiegemea ukuta. Tuliziba nafasi hizo kwa kupigilia banzi jembamba juu ya kila kiungo, upande wa nje, ili mnyama anayesukuma azidi kulikaza. Anayejenga leo ningemshauri ayaache mabanzi yakauke kivulini kwa miezi miwili kwanza, au ayapandanishe tangu mwanzo kama magamba ya samaki.

Kuna wanaoweka taa za kumulika na kuzimika, kwa mfano wa zile alizobuni Richard Turere akiwa mvulana karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi ili kuwafukuza simba. Sina neno dhidi yake, na jirani yangu mmoja ameziweka. Lakini betri hufa usiku wa mawingu, na pengo la upenu hubaki wazi iwe taa inawaka au haiwaki.

Nyoka tulimwita wenyewe. Tulipomaliza kulaza pindo la wavu, nilitaka kulikandamiza zaidi, nikarundika mawe juu yake kuzunguka banda lote. Yalipendeza macho. Katikati ya mawe palikuwa na mianya mikavu yenye joto, panya wakahamia humo kwa ajili ya punje zilizomwagika za kuku, na baada ya panya wakaja wenye kuwala. Kwanza mayai yalianza kupungua bila hata ganda moja kuonekana, na kutoonekana kwa ganda ndiyo dalili yenyewe, maana nguchiro na panya huacha vipande, ilhali nyoka humeza yai zima. Kisha nikakuta kifaranga mkubwa amekufa bila jeraha la kuonekana, kichwa na shingo vimelowa na manyoya yamelala upande mmoja kama aliyepakwa mafuta. Alikuwa amemezwa nusu, ikashindikana kwa sababu ya mabega yake, akatemwa.

Siku ya tatu nilimwona. Nilikuwa nimezoea kuingiza mkono gizani kwenye kiota, na siku hiyo, sijui kwa nini, niliwasha tochi ya simu kwanza. Swila alikuwa amejizungusha juu ya nyasi za kiota, shingo imetanuka. Nilirudi nyuma nikiwa nimefunika macho kwa mkono, maana aina hii hutema sumu na hulenga uso. Ikikupata machoni ni kuosha kwa maji mengi safi papo hapo na kwenda hospitali, bila kusugua. Tulimwachia njia akatoka mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna mkono unaotangulia tochi nyumbani kwangu.

Watu walinipa dawa nyingi: oili chafu, tumbaku, vitunguu saumu, mafuta ya taa. Nilijaribu mbili. Mvua ilizisafisha, panya walibaki, na kwangu huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Kilichosaidia ni kuondoa mawe yote na kuyapanga upya yakiwa yamezikwa kwenye udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na saruji kidogo, bila mwanya. Tulifyeka nyasi hatua nne kuzunguka, tukaweka chakula cha kuku kwenye pipa lenye kifuniko, na tukawa tunaokota mayai kila jioni.

Kuku nao tuliwatoa kwenye banda la mbuzi. Fundi aliwajengea kizimba chao, mita 2 na nusu kwa mita 1 na robo, kinachosimama kwa miguu minne ya miti yenye urefu wa sentimita 90. Kwa kulala tu, ukubwa huo unawatosha kuku 24, maana mchana wako nje. Kila mguu ulivikwa bati laini lenye kimo cha sentimita 45, likibanwa vizuri lisiache mwanya kati yake na mti. Nyoka hupanda kwa kujikaza kwenye magamba na mafundo ya mti, na juu ya bati hana cha kushika. Panya naye huteleza. Kimo cha miguu kilihesabiwa, kwa sababu nyoka mrefu anaweza kuinua sehemu ya mwili wake kutoka chini, na kizimba cha kimo cha goti angekifikia bila kupanda.

Sakafu na madirisha ya kizimba ni wavu mgumu ule unaotumiwa kwenye meza za kuanikia kahawa, unaopatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Nakuru. Niliupima kwa kidole changu kidogo, na kwa kuwa hakikupita, nikaununua. Ni matundu ya kama milimita 12. Nyoka wachanga wanaweza kupita hapo, na sitakudanganya kwamba hawapiti, lakini aliye mwembamba kiasi hicho hawezi kummeza kuku wala yai, na anayetoteshea vifaranga ndani atafute wavu wa nusu ya hapo. Wavu uligongomelewa kwa misumari ya U kisha kingo zote zikafunikwa kwa ubao mwembamba, kwa sababu nyoka hatafuti tundu la wavu bali mahali ambapo wavu umelegea kwenye fremu.

Baada ya kazi yote hiyo, mayai yakapotea tena. Nilizunguka kizimba kwa tochi usiku mbili nikikagua bati la kila mguu, nisione kitu. Usiku wa tatu nilimulika mlangoni. Ngazi ndogo ya fito, ambayo kuku huipanda jioni, ilikuwa bado imeegemea pale pale, ikitoka ardhini mpaka kwenye kizingiti. Tulikuwa tumevika bati miguu minne na kumwachia nyoka mguu wa tano. Sasa ngazi imefungwa kamba, na anayefunga mlango wa kuku ndiye anayeivuta na kuiangika kwenye mgunga.

Mara moja kwa mwezi, mchana wa jua kali, mimi huingia katika banda la mbuzi, nikafunga mlango na kukaa kimya mpaka macho yazoee giza. Nuru ikipenya kwa upana unaozidi kidole mahali popote isipokuwa kwenye fito za upenu, ninaweka alama kwa mkaa. Mara nyingi alama huwa kwenye mlango, maana mlango ndio unaotumika kila siku, na nguzo zake huliwa na mchwa mahali zinapoingia ardhini. Hizo tulizichoma kwa moto mpaka zikawa nyeusi nje kabla ya kuzisimika, na bado moja imebadilishwa.

Mwezi uliopita, baada ya mvua ya usiku, tulikuta matopeni nyayo za mviringo zisizo na kucha zikizunguka banda mara mbili. Kwenye upenu wa upande wa mgunga palikuwa na mikwaruzo mipya, na fito mbili zilikuwa zimelegea kwenye misumari yake, zikishikiliwa na waya peke yake. Mbuzi walikuwa wamesimama pamoja katikati ya sakafu, mbali na kuta zote. Nilimpigia fundi simu, akaja na fito nne badala ya mbili, na kabla ya jua kuzama tulikuwa tumekata tawi jingine lililokuwa limeanza kuchipuka kuelekea paani.